Stika 47 juu ya kibodi ya Kifaransa

Laptopu tisa tulizopata kwa ajili ya darasa letu la uchapaji hapa Morogoro zilikuwa za mtumba kutoka Ulaya. Zilikuwa nzima na betri bado zilishika chaji, ila kibodi zake zilikuwa za Kifaransa: mstari wa juu wa herufi unaanza AZERTY badala ya QWERTY. Wanafunzi wetu wakihitimu huenda kwenye stesheneri, ofisi za mawakili na masijala, na huko kibodi ni QWERTY. Kwa hiyo siku ya kwanza tuliingia kwenye mipangilio ya Windows tukachagua kibodi ya Kiingereza cha Marekani, tukaona kazi imekwisha.

Dada mmoja akachapa "habari za asubuhi" kwa kidole kimoja, akiisaka kila herufi kwa macho. Alipoinua kichwa, kwenye skrini palikuwa na haya:

```
hqbqri wq qsubuhi
```

Akafuta, akarudia taratibu zaidi, yakaja yaleyale. "Mwalimu," akaniambia, "mashine hii inaandika lugha yake."

Mashine ilikuwa sahihi. Kitufe hakijui kilichochorwa mgongoni mwake. Kikibonyezwa, kinatuma namba ya mahali kilipo tu, na Windows ndiyo inayoamua namba hiyo ni herufi gani kwa kufuata mpangilio uliochaguliwa. Mahali ambapo Wafaransa wamechora A, mpangilio wa Marekani unasema Q. Palipochorwa Z unasema W, na palipochorwa W unasema Z. M yao, iliyo kulia kwa L, kwetu ni nukta mkato. Ndiyo maana neno "mwalimu" lilitoka `;zqli;u`. Macho ya yule dada yalisoma maandishi ya Kifaransa, kompyuta ikasoma ramani ya Kimarekani, na hakuna aliyekosea.

Suluhisho lililotujia haraka lilikuwa stika. Madukani zinauzwa karatasi zenye stika ndogo nyeusi zilizoandikwa herufi nyeupe, zimepangwa kama kibodi ilivyo, tayari kubanduliwa na kubandikwa. Seti kamili ya kibodi ya Marekani ina stika 47: herufi 26, tarakimu 10 na vitufe 11 vya alama. Tulinunua seti tisa, na Jumamosi moja mimi na msaidizi wangu tukabandika zote. Uamuzi huo wa kubandika zote ndio kiini cha kisa hiki.

Kosa la kwanza lilionekana palepale, kwenye mstari wa chini. Kibodi nyingi za Ulaya zina kitufe cha ziada ambacho za Marekani hazina. Kiko kati ya Shift ya kushoto na herufi ya kwanza ya mstari wa chini, na kimechorwa alama za `<` na `>`. Msaidizi wangu alifuata karatasi ya stika, ambayo baada ya Shift inaonyesha Z. Akaibandika Z kwenye kitufe hicho cha ziada, X ikakaa mahali pa Z, C mahali pa X, na mstari mzima ukasogea kushoto kwa nafasi moja. Kwa macho kibodi ilipendeza kabisa. Mwanafunzi alipobonyeza Z ikatoka alama ya `\`.

Tangu siku hiyo kila laptopu ikishabandikwa hupimwa kabla ya mwanafunzi kuigusa. Unafungua Notepad, unabonyeza vitufe kwa mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, huku ukisoma stika kwa sauti. Skrini lazima ionyeshe hivi na si vinginevyo:

```
qwertyuiop
asdfghjkl;'
zxcvbnm,./
```

Kile kitufe cha ziada tulikiacha bila stika. Bado kinasumbua kwa namna nyingine: kwa sababu yake Shift ya kushoto ni fupi, na kidole kidogo kinachoifuata ili kupata herufi kubwa mara nyingi hutua juu yake. Ukiona `\juma` mahali pa "Juma", mwanafunzi hajasahau Shift. Aliifuata mahali ambapo kibodi ya Marekani ingekuwa nayo.

Jambo la pili tulilolikamata mapema ni mpangilio unaogeuka wenyewe. Tulikuwa tumeongeza Kiingereza bila kuondoa Kifaransa, na kwenye Windows kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi hubadilisha kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Mtoto wa mtu anagusa kwa bahati mbaya, na ghafla stika zote zinasema uongo. Dawa yake ni kuufuta mpangilio wa Kifaransa kwenye orodha kabisa, na kuhakikisha hata ukurasa wa kuingilia unatumia ule wa Kiingereza. Usipofanya hivyo, nenosiri lenye A au M litakataliwa asubuhi, na utahisi kuna mtu amelibadilisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri, au tuliona hivyo. Wiki ya kwanza darasa lilichangamka. Herufi zilionekana vizuri, nyeupe juu ya nyeusi, hata kwa mama mmoja ambaye macho yake yamechoka. Kila aliyebonyeza A alipata A. Kufikia wiki ya tano walikuwa wakichapa aya nzima, na wengine tayari walitumia vidole sita au saba. Niliandika kwenye daftari langu kwamba stika zimefanya kazi.

Kisha tukawapa zoezi la kunakili barua iliyoandikwa kwa mkono. Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho kwenye mazoezi ya skrini hakikuonekana. Barua ilikuwa na maneno "kwa mujibu wa" kwenye mstari wa tatu na tena kwenye mstari wa tano. Wanafunzi wanne walichapa mpaka "kwa mujibu wa" ya kwanza, kisha wakaendelea na yaliyofuata ile ya pili. Mistari miwili ilipotea, na hakuna hata mmoja wao aliyejua. Mchapaji anayetazama karatasi hafanyi kosa la aina hiyo kwa urahisi. Anayelifanya ni yule ambaye macho yake yanashuka kwenye vitufe, yanapanda kwenye karatasi, yanatafuta pale yalipoachia, yanakuta maneno yanayofanana na kuyaamini.

Nilichukua khanga nikaitandaza juu ya mikono ya yule dada wa siku ya kwanza, kibodi ikafunikwa. Siku hizo, akitazama, alikuwa na kasi ya maneno 21 kwa dakika, kwa kipimo cha kawaida cha mibonyezo mitano kuwa neno moja. Chini ya khanga alishuka hadi maneno 5, na moja kati ya hayo lilikuwa hili:

```
mui,ba
```

Neno alilotaka lilikuwa "nyumba". Litazame vizuri, kwa maana linaeleza tatizo lote. B na A, ambazo ni za mkono wa kushoto, ziko sawa. Kila herufi ya mkono wa kulia imesogea nafasi moja kulia: N imekuwa M, Y imekuwa U, U imekuwa I, M imekuwa mkato. Vidole vyake vilijua umbali wa kwenda kwa kila herufi. Mkono wenyewe ndio uliokaa mahali pasipo pake, na hakuna kilichomwambia.

Kilichopaswa kumwambia ni kijinundu. Kwenye F na J karibu kila kibodi ina kimstari kidogo kilichoinuka, ili kidole cha shahada cha kila mkono kikitua kijue kimefika bila macho kuulizwa. Nilibonyeza F ya laptopu yake kwa ncha ya kidole, sikusikia kitu. Stika ya plastiki ilikuwa imelala juu ya kijinundu na kukisawazisha. Kwenye laptopu mbili stika ilikuwa imeinuka pembeni mwa kijinundu na kuanza kushika uchafu, na hizo angalau zilikuwa na cha kuhisi. Nyingine saba zilikuwa laini kama kioo. Tulikuwa tumewapa macho msaada, na kwa mkono uleule tukavinyang'anya vidole alama pekee vilivyokuwa nayo.

Niliwatenga wanafunzi kwa aina ya makosa yao chini ya khanga, na napendekeza mwalimu yeyote afanye hivyo kabla ya kulaumu uzembe. Kosa la mkono mzima kusogea, kama lile la "nyumba", linatokana na F na J. Kosa la kubadilishana jirani, kama kuchapa O mahali pa I neno hili na kupatia neno lifuatalo, ni la kidole ambacho bado hakijakomaa, nalo huisha kwa mazoezi. Kosa la tatu ni la kusimama tuli: mwanafunzi anafika kwenye herufi B, mikono inaganda, anasema "najua iko wapi, ngoja niione." Huyo wa tatu ndiye aliyenifikirisha sana, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ukimpa karatasi na kalamu atakuchorea kibodi yote bila kukosa. Kichwa chake kinajua, kidole chake hakijui.

Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, na stika zinauzwa kwa mchanganyiko huohuo. Kukumbuka mahali pa herufi si kuchapa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu wenye kasi ya wastani wa maneno 72 kwa dakika. Waliwapa mchoro wa kibodi tupu wajaze herufi zote, na kwa wastani waliweza kupatia kama 15 kati ya 26. Hao ni wachapaji wazuri, na kwa kalamu wangeshindwa na yule mwanafunzi wangu aliyeganda kwenye B. Ujuzi wao uko kwenye mwendo: wanaona neno, vidole vinaondoka. Stika inajenga ujuzi wa kuchora kibodi. Kwa mwendo wa kidole haina la kusema, na kwa kuwa inang'aa inaendelea kuyaita macho chini hata siku ambazo kidole kingeweza kwenda peke yake.

Tulifikiria njia nyingine kabla ya kuamua. Ya kwanza ilikuwa kubadilisha vifuniko vya vitufe vyenyewe, yaani kung'oa kifuniko cha A na kukipeleka mahali pa Q. Tulikuwa na kibodi moja ya mezani, pia ya Kifaransa, tukaijaribu hiyo. Vifuniko vinatoka bila shida, na vinaingia. Lakini kibodi za mezani zimechongwa kwa mistari: kila mstari una kimo chake na mwinamo wake, wa juu ukielekea kwako na wa chini ukilala nyuma. Ukitoa A kwenye mstari wa juu ukaishusha wa kati, kidole kidogo kinakuta kifuniko kinachoinama tofauti na jirani zake. Kwa mwezi mzima kila aliyeitumia alisema Q na A "zina meno". W na Z ni mbaya zaidi kwa sababu zinaruka mistari miwili. Kwenye laptopu vifuniko ni bapa kwa hiyo mwinamo si tatizo. Tatizo ni vishikizo vya plastiki vilivyo chini yake, vyembamba mno. Tulivunja kimoja kwenye herufi W, na kitufe hicho mpaka leo kinacheza kama jino la mtoto. Hatukuendelea.

Tuliloamua ni kubandua. Si zote. Tulikaa na laptopu moja, tukaorodhesha vitufe ambavyo mchoro wa Kifaransa na ramani ya Kimarekani vinapingana kwa mambo ambayo Kiswahili kinayahitaji kila siku. Herufi zilikuwa tano tu: A, Q, Z, W na M. Ikaongezwa nukta mkato, kwa kuwa inakaa kwenye kitufe kilichochorwa M. Ukaongezwa mkato, nukta na mkwaju, ambazo zote zimehama kwenye mstari wa chini. Ya kumi ni ile alama ya juu inayotumika kwenye "ng'ombe" na "ng'ambo". Wafaransa mahali hapo wamechora `ù`, na mtu asiyeambiwa anaweza kuitafuta mpaka jioni. Stika kumi zikabaki, 37 zikatoka, zikiwemo za F na J. Tarakimu tuliziacha na mchoro wake wa asili, ingawa Mfaransa amezichora juu ya kitufe kana kwamba zinahitaji Shift. Tuliwaambia mara moja kwamba hazihitaji, wakashika.

Kubandua kuna adabu yake. Katika joto la hapa gundi ilikuwa imeshalainika na kutambaa, na stika za A na I, zinazoguswa kuliko zote, zilikuwa zimehama milimita moja na kuacha utepe wa gundi uliokusanya vumbi. Tulizibandua kwa kucha kuanzia kwenye kona, laptopu ikiwa imezimwa, kisha tukafuta kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo. Spiriti inawekwa kwenye kitambaa, haimwagwi juu ya kitufe. Zile kumi tulizirudisha mpya baada ya kufuta mafuta ya mikono na kusubiri pakauke, kwani stika inayobandikwa juu ya mafuta ya nazi haimalizi wiki.

Herufi zilizoondoka vitufeni hatukuwanyima wanafunzi. Tulichora ramani ya kibodi kwenye karatasi na kuibandika ukutani usawa wa macho, kila kidole na rangi yake, kama yalivyofanya madarasa ya taipureta zamani. Tofauti yake na stika ni ndogo ukiisikia, ila mkononi ni kubwa. Anayetazama ukutani lazima aipate herufi kwa macho mahali pamoja na kuipeleka kwa kidole mahali pengine, bila kukiona kidole. Safari hiyo ndiyo zoezi. Anayetazama stika anafuata kidole chake kwa macho mpaka kinapotua, na kidole hakina sababu ya kukumbuka njia.

Mazoezi nayo tuliyaandika upya kwa Kiswahili, kwa sababu yale ya Kiingereza hayaubebi mzigo wetu. Kiswahili hakitumii Q wala X, lakini A imejaa kila mahali, na A iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Bahati nzuri mstari wa kati peke yake unatupa maneno kamili: kaka, dada, haja, shaka, fasaha, lala. Mwanafunzi anaweza kukaa siku tatu kwenye maneno hayo chini ya khanga, vidole vya shahada vikirudi kwenye vijinundu vya F na J baada ya kila neno, kabla ya kuongeza I na U za mstari wa juu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, sifichi. Kasi ilianguka kwa kila mtu. Kijana mmoja alikasirika akasema tumemrudisha chekechea, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu kosa la kuanza na stika zote lilikuwa letu naye ndiye aliyelilipia. Yule dada alitoka maneno 21 akitazama hadi 9 bila kutazama. Mwisho wa wiki ya nne baada ya kubandua alikuwa 19 chini ya khanga, na barua ya "kwa mujibu wa" aliinakili bila kuruka mstari.

Mama mwenye macho yaliyochoka tulimwachia stika zake zote isipokuwa F na J. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi. Anachapa hesabu za wateja kumi kwa siku na hana mpango wa kuwa mpiga chapa. Anachohitaji ni herufi kubwa inayoonekana, na stika inampa hicho. Hali ni hiyohiyo kwa anayeongeza maandishi ya pili kwenye kibodi ileile, kama wanavyofanya wanaochapa Kiarabu na Kiswahili kwenye mashine moja. Huyo anahitaji kuona mahali pa herufi asizozitumia kila saa, na stika angavu isiyoficha herufi ya chini inamtosha. Na kama mwanafunzi wako anakwenda kufanya kazi Bujumbura au Bukavu, usibandike chochote kwenye laptopu kama hizi: rudisha mpangilio wa Kifaransa, kwa sababu kuna ofisi nyingi kule zenye AZERTY, na mchoro wa kiwandani utakuwa sahihi kwake.

Kuna laptopu moja ambayo kijinundu cha J kilitoka pamoja na gundi tulipobandua kwa pupa. Tulidondosha tone dogo la gundi ya epoksi kwa ncha ya njiti ya kiberiti, tukaliacha mpaka asubuhi. Wanafunzi huigombea laptopu hiyo, kwa kuwa kijinundu chake kinasikika kuliko vya zile nyingine zote.